UZI: Picha ya ubao wa kikao imepotea, muhtasari unatakiwa Ijumaa. Naanzia wapi?

#1 Kalamu ya Risasi (Jumatano 19 Machi 2025, saa 2:10 usiku)

Wakuu habari za jioni.

Nipo kwenye kikampuni kidogo hapa Iringa, tunafunga mifumo ya umwagiliaji wa matone kwa wakulima wa nyanya, wengi wako upande wa Ilula. Jana tulikaa kikao kuanzia saa 3 asubuhi mpaka saa 5 na nusu, watu sita. Bosi aliandika mwenyewe ubaoni kwa makapeni, akagawa safu tatu: Suala, Tumeamua, Nani na lini. Mistari kama tisa hivi.

Mimi ndiye katibu ila sikuandika kitu. Mwenzangu wa uhasibu alisema "acha kujichosha, napiga picha naitupia kwenye kundi". Nikamwona kwa macho yangu anainua simu. Mchana ukumbi ukawa na mafunzo ya watu wengine, ubao ukapigwa dasta. Usiku naulizia picha: kwenye kundi haipo, kwenye galari yake haipo. Anaapa alipiga.

Bosi yuko safari, anataka muhtasari mezani Ijumaa wenye maazimio na jina la mtekelezaji kwa kila jambo. Nimejaribu kukumbuka, nimefika mistari sita na mitatu kati ya hiyo siiamini. Wenye uzoefu nisaidieni.

#2 Mzee wa Kijiwe

Katibu asiye na kalamu, halafu anajiita Kalamu ya Risasi. Ngoja nivute kiti.

#3 DogoSimu

Hiyo ndogo sana mkuu. Picha ikifutwa kwenye simu haiondoki, inakaa humo humo. Shusha apu yoyote ya kurudisha picha, iache iskani usiku kucha, asubuhi unaikuta.

#4 Kapteni wa Mtandao

DogoSimu hapo juu yuko sahihi nusu. Zamani, kwenye kadi ya kumbukumbu, kweli faili likifutwa lilibaki mpaka lifunikwe na jingine. Simu za Android zilizotoka na toleo la 10 kuja juu zinasimba kila faili kwa ufunguo wake, na hifadhi yenyewe hujisafisha nyuma ya pazia. Hizo apu mara nyingi zinakuletea vijipicha vidogo vilivyobaki kwenye kashe, na ubao kwenye kijipicha hausomeki. Tena ukishusha apu mpya na kuskani, unaandika juu ya hifadhi ile ile unayotaka kuiokoa.

Mwambie mwenzako aangalie sehemu mbili kwanza. Moja ni pipa la taka la Google Photos: picha iliyokwishapanda bakapu hukaa humo siku 60, ambayo haijapanda hukaa 30. Ya pili ni hii folda, maana picha iliyopigwa kwa kamera ya ndani ya WhatsApp na kutumwa huwa haikai na zile za kamera:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media/WhatsApp Images/Sent
```

Atafute jina linaloanza na `IMG-20250318-WA`. Tarehe iko ndani ya jina, hatapotea.

#5 Nyota ya Makambako

Mimi nasema aliituma kundi jingine. Mwenzetu ofisini aliwahi kutupia ankara ya ofisi kwenye kundi la maandalizi ya sendofu ya binamu yake. Mashangazi wakaanza kuuliza hiyo milioni mbili ni ya mapambo au ya chakula.

#6 Shangazi wa Kibokoni

Au aliiweka ile ya kutazamwa mara moja. Mwanangu wa kiume alinifanyia hivyo na risiti ya karo, nikaifungua mara moja jikoni mikono ina unga, ikenda zake. Wajua kile kidude cha namba 1 kiko karibu na kitufe cha kutuma, kidole kikiteleza basi.

#7 Kalamu ya Risasi

Kapteni asante. Ameangalia mbele yangu. Pipa la Google Photos lina picha za mtoto tu. Folda ya Sent ina WA0003 na WA0004 za tarehe 18, zote ni stakabadhi za benki. Ya ubao hamna.

Shangazi, kama ingekuwa ya mara moja si tungeona alama kwenye kundi kwamba kuna kitu kilitumwa? Hatuoni chochote.

#8 Kapteni wa Mtandao

Basi kuna moja ambayo watu huwa hawaitaki. Alifungua kamera ndani ya WhatsApp, akapiga, ikaja ile skrini ya kuandika maneno chini ya picha, mtu akamwita, akarudi nyuma bila kutuma. Hapo haihifadhiwi popote. Yeye kichwani "alipiga", na ni kweli alipiga.

#9 Mzee wa Kijiwe

Au alikuwa anajitazama kwenye simu kama kope zimekaa. Hatuhukumu.

#10 Masjala Mstaafu

Kijana, salaam. Nilikaa masjala ya halmashauri miaka 27 na nimeandika mihtasari mingi kuliko nywele zilizonibaki. Acha simu, hiyo imekwenda. Sikiliza la kikao.

Usiwaite wote mezani kukumbushana. Najua ndicho unachotaka kufanya kesho asubuhi. Mkikaa pamoja, wa kwanza kufungua mdomo ndiye atakayeandika muhtasari. Atasema "tulisema asilimia fulani", na wengine ambao walikuwa na mashaka watajikuta nao wanakumbuka hivyo hivyo. Baada ya dakika kumi mna kumbukumbu moja nzuri, nanyi hamjui ilitoka kwa nani.

Mpe kila mtu karatasi yake, mbalimbali, leo hii kabla hawajakutana. Aandike kila jambo analolikumbuka na pembeni aweke alama: nimeliona limeandikwa ubaoni, au nimelisikia likisemwa, au nahisi tu. Halafu aandike kila kazi anayodhani ni yake, na kila kazi anayojua ni ya mwingine. Hilo la mwisho ndilo litakalokuonyesha mengi.

#11 Msomi wa Usiku

Mama Masjala umenena. Kuna Mwingereza, Bartlett, mwaka 1932 alionyesha kwamba mtu akisimulia tena hadithi aliyoisoma, sehemu zisizoingia akilini mwake huzirekebisha ziendane na anachokijua, wala hajui kama anabadilisha. Na Ebbinghaus, Mjerumani, tangu 1885 alionyesha siku moja tu ikipita theluthi mbili ya ulichojifunza imeondoka. Kwa hiyo wewe Kalamu umebaki na mistari mitatu kati ya tisa, inalingana kabisa na sayansi.

#12 Mwalimu Mkorofi

Msomi, Ebbinghaus alijipima mwenyewe, tena kwa silabi zisizo na maana, vitu kama "zof" na "bup". Deni la mteja unayemdai si silabi isiyo na maana. Watu hawasahau kikao kwa kanuni hiyo. Wanakumbuka vizuri lililowagusa mfukoni na kusahau kazi waliyopangiwa.

#13 Mwana Vikoba

Pole sana ndugu. Sisi kikundi chetu tulipoteza daftari la hisa mwaka juzi, tulilia. Tulichofanya tulikusanya meseji zote za miamala kwenye simu ya mweka hazina, tukapanga kwa tarehe, hisa zikarudi zote isipokuwa za mama mmoja aliyekuwa analeta taslimu. Nakushauri mfungue akaunti ya benki.

#14 Mzee wa Kijiwe

Mwana Vikoba, amepoteza picha ya ubao, hajapoteza pesa. Ila endelea, tunakupenda.

#15 Fundi Bomba

Hapana, Mwana Vikoba kasema kitu bila kujua. Kikao kikiisha watu wanaenda kufanya kazi, na kazi inaacha alama. Kalamu, angalia tangu saa 5 na nusu jana: nani kampigia nani, nani kaomba profoma, nani kamwandikia mteja. Mtu hamwandikii mteja bei kutoka hewani, kaitoa kikaoni.

Pia huo ubao wenu ni wa aina gani? Kama ni ule wa bei nafuu, mbao yenye ngozi nyeupe ya melamini, dasta haifuti yote. Zima taa, weka tochi ya simu pembeni kabisa kama unailaza ukutani, utazame kwa upande. Maandishi yanaonekana kama kivuli. Piga picha hicho kivuli KABLA mtu hajaja na spiriti.

#16 Kalamu ya Risasi (Alhamisi 20 Machi, saa 7:05 mchana)

Nimerudi na ripoti.

Karatasi nimegawa asubuhi kama Mama Masjala alivyoagiza. Tulioandika ni watano, yaani mimi, mhasibu, Juma ambaye ni fundi wetu mkuu, Joyce wa mauzo, na kijana wa fildi. Mambo sita tunalingana wote bila shida, mengi ni madogo kama matairi ya gari na likizo ya Idi. Shida ni haya.

Kwanza, kianzio anachotoa mkulima kabla hatujapeleka mipira. Zamani ilikuwa asilimia 50. Watu wanne tumeandika tulishusha iwe 40 kwa sababu msimu huu wakulima hawana kitu. Joyce peke yake kaandika inabaki 50. Na Joyce ana ushahidi: juzi saa 6:47 mchana, saa moja na kitu baada ya kikao, alimtumia mteja SMS "tumekubaliana utangulize 50% ndipo mzigo utoke".

Pili, kuna kazi ya kutafuta profoma mbili za mipira kutoka Dar. Karatasi tatu zinasema ya Juma, moja inasema ya Joyce. Juma na Joyce wenyewe hakuna aliyeandika kwamba ni yake, na mmoja hakuigusa kabisa.

Tatu, Fundi Bomba Mungu akubariki, ubao kweli ni melamini. Tumeufunika mapazia na kumulika. Maandishi mengi yamechanganyika, ila upande wa kulia kabisa kuna herufi J inasomeka, na chini yake kidogo kuna "3/4", wekundu umebaki vizuri.

#17 Fundi Bomba

Hiyo robo tatu ni venturi! Kifaa cha kunyonya mbolea kuingia kwenye mfumo wa matone. Venturi zinakuja robo tatu, inchi moja, moja na nusu, mbili. Shamba la ekari moja la nyanya unafunga robo tatu. Umeshapata azimio lako: kununua venturi za robo tatu.

#18 Nyota ya Makambako

Upande wa kulia si ndiko kuna safu ya "Nani na lini"? Basi ni tarehe, 3 Aprili. Itakuwa Alhamisi, na Idi itaangukia 30 au 31 mwezi huu. Bosi alipanga kazi ifanyike watu wakirudi kutoka sikukuu.

#19 Kalamu ya Risasi

Nyota, mimi pia nilifikiri hivyo. Mhasibu kasema hapana, ni tatu kati ya nne: wateja wanne wa Ilula, watatu wameshalipa. Anakumbuka bosi akipigia mstari. Yaani kwa alama moja nina tafsiri tatu na kila mtu anaapa.

#20 Mwalimu Mkorofi

Swali la msingi: mna uhakika kivuli ni cha kikao cha Jumanne? Ubao wa melamini hubaki zaidi na maandishi yaliyokaa muda mrefu bila kufutwa. Yaliyoandikwa saa 3 yakafutwa mchana huo huo huwa yanatoka vizuri. Kinachoonekana wazi namna hiyo kinaweza kuwa kilikaa wiki nzima mwezi uliopita. Bosi alitumia rangi gani Jumanne?

#21 Kalamu ya Risasi

Dah. Nakumbuka nyeusi. Karatasi ya kijana inasema nyeusi na nyekundu. Wengine hawakuandika rangi.

#22 Fundi Bomba

Mimi bado nasema venturi.

#23 Masjala Mstaafu

Tuache robo tatu kwanza, turudi kwenye kianzio maana hapo ndipo pesa zilipo. Kalamu, maswali mawili. Hao wanne waliosema 40, baada ya kikao walikuwa wapi? Na hiyo SMS ya Joyce, fungua meseji zake za nyuma kwa wateja wengine uone alikuwa anaandikaje.

#24 Kalamu ya Risasi (saa 11:20 jioni)

Mama, wewe ulikuwa masjala au upelelezi?

Wanne sisi tulipanda gari moja kwenda stoo baada ya kikao. Njia nzima tulikuwa tunabishana hiyo 40 itatuumiza au la. Joyce alibaki ofisini.

Na SMS: tumefungua simu yake. Tarehe 6 Februari kwa mteja mwingine, maneno ni yale yale: "tumekubaliana utangulize 50% ndipo mzigo utoke". Tarehe 21 Februari tena, mpaka nukta. Kumbe ananakili na kubandika tangu mwaka jana, anabadilisha jina tu.

#25 Masjala Mstaafu

Basi umeona. SMS yake haithibitishi chochote kuhusu kikao, ni mazoea ya kidole. Ingekuwa kaandika kwa maneno mapya ningeipa uzito. Na ninyi wanne msijihesabu wanne. Mlibishana ndani ya gari, mkakubaliana kitu cha kubishania. Kwa karani mwenye kazi yake, hapo una shahidi mmoja dhidi ya mmoja.

#26 Wakili Mtoro

Kwa heshima zote mama, hapo sikubali. Kubishana kama 40 itawaumiza kunaonyesha kwamba 40 ilitajwa kikaoni. Mtu habishani juu ya namba ambayo haikusemwa. Watu wanne waliotoka chumba kimoja na kuanza papo hapo kulalamikia namba hiyo hiyo, huo ni ushahidi mzito kuliko unavyoupa.

#27 Masjala Mstaafu

Ilitajwa, sikatai. Je, iliamuliwa? Kutajwa na kuamuliwa ni vitu viwili, na hapo ndipo mihtasari ya kukumbuka hukosea kila mara. Pendekezo lililojadiliwa kwa kelele nyingi watu hulikumbuka kama azimio. Azimio lililopita kimya, "haya, sawa, linalofuata", hakuna anayelikumbuka. Kalamu, lile la profoma lilijadiliwa muda gani?

#28 Kalamu ya Risasi

Kama nusu dakika.

#29 Masjala Mstaafu

Ehee.

#30 DogoSimu

Jamani si amuulize bosi tu? Yeye ndiye aliyeandika.

#31 Kalamu ya Risasi

Nimempigia. Kuhusu 40 kasema, namnukuu, "nilisema tuitazame, sikumbuki kama tulifunga". Profoma kasema "si Juma huyo?". 3/4 kacheka, akasema mwandiko wake hata yeye humshinda.

#32 Shangazi wa Kibokoni

Na mimi niongeze moja, muangalie na masaa. Huku kwetu tuliandika ubaoni "mgeni saa 4", mmoja akaja saa nne asubuhi, mwenziwe aliyezoea saa za kwenye simu akaja saa kumi jioni. Mgeni mwenyewe aliondoka adhuhuri. Ukiandika upya hiyo muhtasari, usiache "saa 4" ikae pweke.

#33 Msomi wa Usiku

Kuna mbinu polisi hutumia kwa mashahidi: mrudishe mtu mahali. Mkae viti vile vile, muda ule ule, kisha mtu asimulie kikao kutoka mwisho kuja mwanzo. Ukienda kinyume huwezi kuteleza na hadithi uliyojitungia. Ila kila mtu peke yake, kama mama alivyosema.

Halafu swali, hakuna aliyepiga selfi siku hiyo? Vijana wa fildi hawawezi kukaa saa mbili bila selfi.

#34 Mzee wa Kijiwe

Msomi leo umejikomboa na zile silabi.

#35 Kalamu ya Risasi (saa 2:45 usiku)

WAKUU. IPO.

Kijana wa fildi alipiga selfi kikaoni akaiweka stetasi, "kazini mapema". Stetasi ilishaisha saa 24 zake, ila ya asili iko kwenye galari yake. Nyuma yake kuna ubao! Ilikuwa imegeuka kama kwenye kioo, tumeigeuza, tumeongeza mwanga.

Safu ya Suala inasomeka karibu yote. Safu ya Tumeamua inasomeka nusu. Safu ya Nani na lini haionekani hata herufi moja. Kichwa chake kimeifunika yote.

#36 Mzee wa Kijiwe

Mwambieni anyoe. Nimecheka mpaka wajukuu wameamka.

#37 Wakili Mtoro

Kianzio kinasemaje?

#38 Kalamu ya Risasi

Mstari wa tatu. Suala: "Kianzio". Tumeamua: "50, mshale, 40", halafu kuna alama moja mbele ya 40, nusu yake imefichwa na sikio. Mimi naona ni %. Joyce anaona ni alama ya kuuliza. Tumeikuza mpaka imekuwa vitone.

#39 Kapteni wa Mtandao

Hakikisha amekupa ya asili kutoka galari, isipitie WhatsApp kama picha ya kawaida maana inabanwa. Aitume kama hati, au uihamishe kwa waya. Na angalia picha ilipigwa saa ngapi, ni kwenye maelezo ya faili.

#40 Kalamu ya Risasi

Nimechukua kwa waya. Maelezo yanasema 10:22, yaani saa 4 na dakika 22 asubuhi. Inasomeka mistari mitano tu.

#41 Masjala Mstaafu

Kikao kiliisha saa 5 na nusu. Kwa hiyo unachokiona ni ubao ukiwa njiani. Hata kama ni alama ya kuuliza, bosi anaweza kuwa aliifuta saa 5 na kuweka asilimia. Picha hii inakuambia nini kilikuwa mezani saa 4 na dakika 22, basi.

Sasa fanya hivi, maana Ijumaa ni kesho. Yale sita mnayolingana yaandike kama maazimio ya tarehe 18, hayana ugomvi. Kianzio usikiandike kama azimio la tarehe 18. Andika kwamba lilijadiliwa na uamuzi haukuthibitika. Bosi akiamua kesho kwa simu iwe 40, hilo ni azimio la tarehe 21, liandike kwa tarehe 21 na jina la aliyeamua. Usilirudishe nyuma. Mkulima aliyelipishwa 50 Jumanne hiyo hiyo akija kudai tofauti, ile tarehe ndiyo itakayowaokoa au kuwahukumu.

#42 Wakili Mtoro

Hapo mama tuko pamoja. Ila sehemu ya pili sikubali: bosi akisema "niliamua siku ile" ana haki ya kusema hivyo, na muhtasari uandike kauli yake.

#43 Masjala Mstaafu

Uandike ni kauli yake, aliitoa tarehe fulani. Sina ugomvi. Nisichotaka ni karani kutengeneza Jumanne mpya siku ya Alhamisi usiku.

#44 Nyota ya Makambako

Kwenye ofisi yetu tungeandika 40 tukalala. Nani atasoma?

#45 Mwalimu Mkorofi

Odita.

#46 Kalamu ya Risasi (Ijumaa 21 Machi, saa 5:30 asubuhi)

Rasimu imeenda kwa wote sita saa 2 asubuhi. Juu nimeandika wazi kwamba imeandikwa kwa kumbukumbu za watu watano na selfi moja ya saa 4:22, na kwamba mwenye marekebisho ayaandike mwenyewe chini yake, asinipigie. Penye shaka nimeacha wino mwekundu. Kikao kijacho itathibitishwa au itakataliwa, na mengine yatakuja kwenye yatokanayo.

Kianzio bosi kajibu: "Iwe 40 kuanzia leo." Nimeiweka kwa tarehe ya leo. Joyce kamwandikia yule mteja wa Jumanne, safari hii kwa maneno yake mwenyewe.

Mhasibu bado anasema alipiga picha. Tumeacha kumuuliza, ameanza kununa.

#47 Fundi Bomba

Na venturi?

#48 Kalamu ya Risasi

Kwenye mistari mitano ya selfi kuna mstari wa nne, Suala: "Mbolea", na wa tano, Suala: "Ilula, malipo". Kivuli cha 3/4 ubaoni, tukipima kwa rula, kiko katikati ya hiyo miwili.

#49 Fundi Bomba

Mbolea! Nilisema!

#50 Nyota ya Makambako

Malipo! Mhasibu alisema! Ingawa mimi bado niko na tarehe yangu.

#51 DogoSimu

Kalamu, kuna apu moja ya kunoa picha zenye ukungu, ngoja nikutumie linki.

#52 Kapteni wa Mtandao

Dogo, apu inanoa vitone vilivyopo. Sikio haliondoi.

#53 Mzee wa Kijiwe

Tuambie basi la mwisho tukalale. Ile J ya profoma ni nani?

#54 Kalamu ya Risasi

Nimewapelekea wote wawili rasimu ina "J" hivyo hivyo. Juma kaandika chini: "Joyce." Joyce kaandika chini yake: "Juma." Profoma hazijaombwa mpaka sasa, nimepiga simu Dar mwenyewe.